Malalamiko: ndoo 20 tumerudisha na bado mwatudai

Kwa ofisi ya hesabu,

Salamu. Naandika kutoka duka letu la hadwea hapa Mwembe Tayari, maana kwa simu naona hatuelewani. Stetimenti yenu yasema twadaiwa 348,000, na kwa sababu hiyo mmezuia oda yetu. Hilo deni si sawa, sisi twadaiwa 290,000.

Angalieni invoisi yenu ya Machi: ndoo 120 za rangi, kila moja 2,500, hiyo ni 300,000, na VAT ya asilimia 16 ni 48,000. Tuliiingiza vitabuni mzigo ulipofika na ile VAT tukaidai kwenye ritani ya mwezi huo. Baadaye kufungua tukakuta ndoo 20 rangi imeganda haikorogeki, dereva wenu mwenyewe akaja akazibeba na akasaini. Tukawaandikia debiti noti yenye namba ya invoisi ile: ndoo 20 ni 50,000, VAT yake 8,000, jumla 58,000. Kwa vitabu vyetu tumedebiti akaunti yenu 58,000, deni likashuka, tukakrediti stoo 50,000 na VAT 8,000. Chukueni 348,000 mtoe 290,000 muone, tofauti ni ile debiti noti yenyewe, hakuna kingine kilichopotea.

Sasa mmoja wenu anatuambia tufute invoisi tuingize nyingine ya ndoo 100. Jamani, invoisi imeshaingia ritani itafutwaje? Na kweli ndoo 120 ziliingia kisha 20 zikatoka, hayo ni mambo mawili na vitabu lazima vionyeshe yote mawili, la sivyo mkaguzi akija atauliza hiyo saini ya dereva ni ya nini. Mwengine akasema tukate 50,000 tu tulipe 298,000, yaani tuwalipe VAT ya rangi ambayo iko kwenye stoo yenu! Hapana, hilo limeniuma sana.

Debiti noti yetu peke yake haitoshi kwa KRA. Nyinyi ndio wa kutoa kredit noti kwenye eTIMS, yenye namba ya invoisi ya kwanza, na sheria inawapa miezi sita tangu invoisi hiyo itolewe. Mkiitoa, VAT yenu itapungua 8,000 na sisi kwenye ritani tutapunguza 8,000 hiyo hiyo. Mkichelewa ni nyinyi mtakaobaki na ushuru wa mauzo ambayo hayapo.

Na kama mwataka kutuletea ndoo nyingine badala ya hizo, leteni na invoisi mpya, msiziingize kimyakimya kwa delivari noti pekee, hesabu zitachanganyika tena.

Kwa hivyo naomba kredit noti ya 58,000, stetimenti iliyorekebishwa, na oda ifunguliwe. Cheki yenu ya 290,000 imeshasainiwa, iko kaunta, tumeni mtu aichukue.

Mhasibu wa duka, Mwembe Tayari, Mombasa