Niwaage wenzangu kabla ya mechi au baada?

Ndugu wasomaji,

Mimi ni beki wa kati, nina miaka 37, na kitambaa cha unahodha nimekivaa misimu tisa katika timu moja ya Ligi Kuu Bara. Goti la kulia limegoma. Nikicheza Jumamosi, mpaka Jumanne nashuka ngazi kiubavu kama kaa. Msimu ukiisha natundika daluga. Mke wangu, kocha na viongozi wanajua, wachezaji bado.

Imebaki mechi moja, ugenini. Tupo nafasi ya 12, sare inatutosha. Tukifungwa tunaweza kuangukia ya 13, na anayemaliza wa 13 au wa 14 anakwenda kucheza mchujo. Viongozi wanataka nitangaze wiki hii, eti vijana wampiganie nahodha wao.

Mimi nasita. Gerrard alitangaza Januari 2015 kwamba anaondoka Liverpool. Mechi yake ya mwisho Anfield walifungwa 3-1 na Crystal Palace, na wiki iliyofuata Stoke wakawapiga 6-1. Sisemi ni kuaga kulikowafungisha, lakini matokeo hayo hayanitoki kichwani. Totti naye, tarehe 28 Mei 2017, uwanja mzima ulijua anaaga, na Roma wakapata bao la ushindi dhidi ya Genoa dakika ya 90, 3-2. Ila barua yake aliisoma baada ya filimbi ya mwisho. Hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Tatizo, timu yetu baada ya mechi ya mwisho haikai pamoja. Wageni wanakimbilia ndege, wengine wanaomba kushuka njiani makwao, basi likifika kambini tumebaki sita na mtunza vifaa. Nitamuaga nani?

Na kuna jambo zito zaidi. Msimu uliopita winga wetu, mtoto wa miaka 20, alikosa penalti dakika za majeruhi. Chumbani nikarusha chupa ya maji miguuni pake, nikamuuliza mbele ya wote amekula shilingi ngapi. Hakujibu, akaendelea kufungua plasta za soksi. Ukweli ni kwamba mpigaji wa kwanza nilikuwa mimi. Goti lilikuwa linawaka, nikampa yeye mpira, na hilo sijamwambia mtu. Tangu siku ile ananiamkia tu, "Shikamoo kapteni," basi.

Nataka kumwomba radhi katika kuaga kwangu. Nikimwita pembeni, wale waliosikia tuhuma hawatasikia nikiifuta. Nikisema mbele ya wote kabla ya mechi, nahofia kumtikisa, na kocha amempanga kuanza. Nikingoja baada ya mechi, huenda tayari ameshachukua begi lake.

Waliowahi kucheza au kufundisha, ninyi mngeongea saa ngapi?

Nahodha, Dar es Salaam