Ghorofa ya kwanza wanavaa sweta, ya nne wanajipepea: ripoti ya balansi inasema nini

Wateja wengi tukiwakabidhi ripoti ya balansi, yaani vipimo vya mgao wa maji na hewa ya AC, wanaangalia ukurasa wa mwisho, wanasaini, basi, inaenda kabatini. Leo nawaonyesha moja tuliyoifanya kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne hapa Dar, maana mwenye jengo alikuwa keshaanza kuulizia bei ya chila, ile mashine ya kupoza maji ya AC, kubwa zaidi. Malalamiko yenyewe ni kwamba ghorofa ya nne kuna joto haswa ikifika saa nane mchana, na huku chini dada wa mapokezi anakaa na sweta siku nzima.

Kwenye michoro kila ghorofa ilitakiwa ipate maji ya baridi lita 2.5 kwa sekunde, jumla 10, yaingie na nyuzi 7 yarudi na 12. Kabla ya kupima tuliteremsha termostati zote hadi mwisho ili valvu za feni koili, zile mashine za kupuliza hewa ya baridi vyumbani, zifunguke zote, kwa sababu ukipima nusu zimejifunga zenyewe unaandika namba ambazo hazina maana. Tukasubiri kidogo, tukaunga manometa, kipimo cha presha kinachotupa kiasi cha maji, kwenye valvu ya balansi ya kila ghorofa. Ya kwanza ikatoa 3.6, ya pili 2.9, ya tatu 2.1, ya nne 1.3.

Sasa jumlisha. Ni 9.9, yaani pampu inasukuma maji yote yanayotakiwa! Tatizo ni mgao. Pampu na chila ziko chini uani, maji yanapita penye njia rahisi, kwa hiyo ghorofa ya kwanza inajinywea asilimia 144 na ya nne inabaki na 52. Chila kubwa isingesaidia kitu hapo, ungelipa tu hela.

Na maji ya ziada ya chini hayaleti ubaridi mwingi hivyo. Hesabu ni 4.19 mara lita kwa sekunde mara tofauti ya nyuzi, unapata kilowati. Ghorofa ya kwanza maji yalikuwa yanarudi na nyuzi 10.7 tu, yaani yanapita mbio hayajabeba joto la kutosha, inakuja kilowati 56 hivi. Ya nne yanarudi na 14, kilowati 38, wakati ilitakiwa 52.

Kabla ya kugusa valvu tulifungua streina, yaani chujio la maji, ya ghorofa ya nne, maana valvu yake ilikuwa wazi kabisa lakini asilimia 52 ya maji ilikuwa ndogo mno. Tukakuta vipande vya kuchomelea, uzi wa tefloni na matope, dalili kwamba mabomba hayakuoshwa vizuri kabla ya kuwashwa. Kusafisha tu kukaipandisha hadi 1.7.

Ndo tukaanza kubalansi. Ile dhaifu kuliko zote unaiacha wazi, unashuka kwa jirani yake unambana mpaka asilimia zao zikaribiane, halafu wa pili, halafu wa kwanza, na kila ukibana mmoja yule wa juu anapanda bila kuguswa, kwa hiyo lazima urudi kupima tena na tena, hii kazi inakula siku nzima. Tulimalizia na 2.6, 2.5, 2.4 na 2.3. Ya nne ni asilimia 92, na sisi tunakubali kumi juu au chini. Ripoti ikikuletea 100 kila mstari, muulize fundi kama kweli alipanda ngazi 😄

Upande wa hewa, sehemu kubwa ilikuwa marekebisho madogo ya dampa, vile vibao vya kupunguza au kuongeza hewa, isipokuwa chumba cha mikutano. Difyuza, yaani matundu ya hewa ya darini, ni nne, kila moja ilitakiwa itoe lita 100 kwa sekunde, moja ikasoma 40 na dampa yake iko wazi. Kuna aliyesema tuongeze spidi ya feni, lakini umeme wa feni unapanda kwa spidi mara spidi mara spidi, ukiongeza asilimia 20 mota inakula kama asilimia 73 zaidi, na bado difyuza ile ingebaki nyuma ya wenzake. Tukafungua dari: daksi laini, lile bomba la hewa, imekunjwa kama mpira wa bustani, fundi jipsamu aliibana na waya apate nafasi ya taa. Tukainyoosha, ikasoma 94.

Kitu kimoja kwenye ripoti msikipuuze, ile safu ya mizunguko ya valvu. Ya ghorofa ya kwanza tuliiacha kwenye mizunguko 1.8. Wiki chache baadaye mtu wa chini akasema kwake kuna joto, fundi wa jengo akaifungua yote kwa nia njema, na ghorofa ya nne wakaanza kupiga simu tena. Sikwenda hata na manometa, nilimwambia kwenye simu airudishe 1.8 na aangalie filta ya yule wa chini, ilikuwa imejaa vumbi.