Barua ya kibali, kabla hujapanda basi la Kilosa

Morogoro

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba utafiti wako wa maji vijijini sasa unaanza na kwamba umechagua Kilosa. Wazee nyumbani wazima, wanakusalimu sana.

Umeniuliza kama unaweza kupata kibali cha utafiti kwa njia ileile tuliyopita wakati wa shahada ya uzamili. Hapana, na nakuomba ulielewe hili kabla hujakata tiketi ya ndege. Zile barua tulizopewa na Makamu Mkuu wa Chuo zilitoka kwenye waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980, uliowapa wakuu wa vyuo mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa niaba ya serikali. Ukiisoma ile ya kwako, kama bado unayo, utaukuta waraka huo umetajwa kwenye aya ya pili. Lakini mamlaka hayo yanahusu watumishi na wanafunzi wa chuo husika tu. Wewe sasa umesajiliwa chuo cha nje. Uraia wako haujabadilika, ila mtu wa kukusimamia kisheria hapa ndani huna. Kwa hiyo njia yako ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ombi linatumwa kwa mtandao.

Kabla ya ombi, tafuta taasisi mwenyeji. Usilichukulie jambo hili kama karatasi ya kujazia fomu. Barua ya mwenyeji inasema kwamba kuna mtu hapa nchini, mwenye ofisi na simu, anayeujua utafiti wako na yuko tayari kuulizwa. Kwa Kilosa ningekushauri upate mhadhiri wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, maana wako mkoa uleule na wengi wao wamefanya kazi vijiji hivyohivyo. Mpelekee andiko lako zima, siyo muhtasari, na umwombe alisome. Barua yake itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kichwa cha utafiti neno kwa neno kama kilivyo kwenye andiko, na kazi yeye atakayofanya. Kichwa kikiwa tofauti kati ya barua hiyo, ile ya chuo chako na fomu, mtu wa mapokezi hana namna ya kujua kwamba ni utafiti mmoja, na ombi lako litarudishwa.

Nimesoma dodoso lako pia. Pale sehemu ya nne unauliza kama mtoto wa chini ya miaka mitano ameharisha ndani ya wiki mbili zilizopita. Najua kwa nini umeliweka, unataka kuona kama kisima kibovu kinaonekana kwenye afya ya watoto. Lakini swali hilo moja linauvuta utafiti wako upande wa afya, na huko unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, chenye andiko lake, fomu zake za ridhaa na muda wake. Ama uliombee kibali hicho tangu mwanzo, ama uliondoe na ubaki na uendeshaji wa visima. Mimi ningeliondoa. Swali lako kubwa ni kwa nini kisima kimoja kinatengenezwa ndani ya wiki na kingine kinakaa mwaka mzima bila mpini, na hilo hulijibu kwa kuhesabu watoto walioharisha.

Sasa tuje kwenye kibali chenyewe, maana hapa ndipo nilipokosea mimi, na sitaki yakukute.

Kibali cha taifa hakikufikishi kijijini. Kinakufikisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale Morogoro. Yeye anaandika barua kwenda wilayani. Wilayani kuna ofisi mbili, na watu wengi huenda moja tu: Katibu Tawala wa Wilaya, aliye chini ya Mkuu wa Wilaya na anayehusika na usalama, na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye ndiye mwajiri wa watendaji wa kata na vijiji. Ukienda kwa Katibu Tawala peke yake, mtendaji wa kijiji atakuuliza barua ya mwajiri wake iko wapi. Ukienda kwa Mkurugenzi peke yake, wiki ya pili Ofisi ya Mkuu wa Wilaya itasikia kuna mgeni anahoji watu, na itataka kujua ni nani. Pita kote kuwili, na kila mahali acha nakala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwa kuwa utafiti wako ni wa maji, mpitie na meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Visima unavyokwenda kuvihesabu viko kwenye daftari lake.

Mwaka 2016 nilichagua vijiji vyangu kutoka kwenye orodha ya sensa ya 2002. Kwenye orodha ile kata zote za Gairo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Kilosa. Kwenye ombi nikaandika “Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro”, na mkoani wakaandika vilevile, maana ndivyo nilivyoomba. Gairo ilikuwa wilaya kamili tangu 2012. Niligundua siku niliyofika huko na wasaidizi wangu wawili, tukiwa na madodoso 120 kwenye boksi. Afisa aliyenipokea aliisoma barua mara mbili, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, barua hii haituhusu sisi.” Na alikuwa sahihi. Hakuwa na mamlaka ya kunipokea kwa barua iliyoandikiwa wilaya nyingine, na mimi ningetokewa na jambo huko kijijini, yeye ndiye angeulizwa. Nilirudi Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100, kuomba barua nyingine. Ilichukua siku sita. Posho ya wasaidizi niliilipa kwa siku zote hizo, na mvua zikaanza kabla sijamaliza vijiji viwili vya mwisho.

Kwa hiyo kabla hujaandika jina la mahali popote kwenye fomu, chukua orodha ya vijiji vyako, mpigie mtu wa halmashauri, na kwa kila kijiji uliza kiko kata gani na wilaya gani leo. Kata hugawanywa, vijiji hugawanywa, vitongoji vinapanda kuwa vijiji. Kwenye ombi taja wilaya zote, hata ile unayodhani utakwenda siku moja tu. Kuongeza wilaya baada ya kibali kutoka ni safari nyingine nzima.

Tarehe nazo zipe nafasi. Kibali cha COSTECH ni cha mwaka mmoja, lakini barua za chini yake hufuata tarehe ulizoziomba. Ukiandika “Juni hadi Julai” halafu gari likaharibika, mtendaji wa kata hatakupokea Agosti, na hapaswi. Andika Juni hadi Oktoba hata kama unategemea kumaliza Julai. Wasaidizi wako nao watajwe kwa majina kwenye ombi, wasionekane kijijini kama watu waliojitokeza tu.

Halafu kichwa. Chako kinasema “migogoro ya rasilimali maji”. Unakumbuka Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, wakulima 38 waliouawa kwenye ugomvi na wafugaji. Kilosa watu hawajasahau, na ofisi za wilaya hazijasahau. Neno “migogoro” likifika juu ya meza kule, litapelekwa kwanza kwa watu wa usalama. Sikuambii ufiche kitu. Ukiwa kweli unachunguza ugomvi wa wakulima na wafugaji, sema hivyo na ukubali kuulizwa. Lakini nimesoma dodoso lako lote na hakuna swali hata moja la mifugo. Unauliza nani anakusanya hela za maji, nani anashika ufunguo, nani anamwita fundi. Huo ni uendeshaji wa visima. Kiite hivyo, na chini ya kichwa cha Kiingereza weka tafsiri ya Kiswahili, maana msomaji wa mwisho wa barua yako ni mtendaji wa kijiji.

Nilikaa mbele ya mmoja wao, ofisi ya chumba kimoja yenye benchi na picha ya Rais ukutani. Aliisoma barua yangu kwa kufuatisha kalamu chini ya kila mstari. Alipofika kwenye kichwa cha utafiti kwa Kiingereza, kalamu ilisimama. Akaniuliza, “Hapa mnataka nini kwa watu?” Nikamweleza. Akaandika pembeni, kwa Kiswahili, kile nilichomwambia, akageuza karatasi na nyuma yake akawaandikia wenyeviti wa vitongoji wanipokee. Kisha akanipa kitabu cha wageni nisaini. Maneno yake ya pembeni ndiyo yaliyonisaidia siku zote zilizofuata.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Mtendaji yuleyule alijitolea kunisindikiza nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza nilikubali, na kila mtu alijibu kila swali. Jioni nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekataa, na hakuna aliyesema anadaiwa hela za kisima. Mama mmoja alikuwa anamtazama mtendaji kabla ya kujibu. Yule mama hakuwa ameridhia, alikuwa ametii. Ile mihuri yote niliyoihangaikia, kwake ilikuwa amri. Siku ya pili nilimwomba mtendaji anitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji asubuhi, kisha aniache. Mwenyekiti naye akinifikisha uani, anaaga. Nikawa naanza kwa kusema: kibali hiki kinaniruhusu mimi kuja, hakikulazimishi wewe kujibu. Siku hiyo kaya tatu zilikataa, na tano zikasema hazijalipa. Zile za siku ya kwanza nilizirudia zote.

Watakuuliza pia kama unaandikisha watu wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ukiwa na karatasi na majina, ni swali la haki kabisa. Jibu mapema, kwenye mkutano wa serikali ya kijiji, kwamba hakuna hela wala orodha itakayotoka kwako, na majina usiyaandike kwenye dodoso, weka namba.

Nitumie orodha ya vijiji vyako kabla ya mwisho wa mwezi. Niko huku mkoani, nitaipeleka mwenyewe halmashauri waisahihishe kata kwa kata, kisha nikurudishie ndipo uijaze fomu.

Wasalimie nyumbani kwako.

Ni mimi rafiki yako