Hepi besdei kijumbe wangu

Shoga yangu Mama Nasra,

Hepi besdei jamani! Najua ilikuwa jana, usinianze. Simu ilizima nikiwa ndani ya basi, Dodoma nimeingia usiku wa manane, sasa hivi hata chai sijanywa naandika. Mzima lakini?

Mama Shamimu kakuweka status, eti "baba na mama kwa wakati mmoja, pole kwa yote mpenzi". Nimecheka peke yangu kama chizi. Pole ya nini, unaumwa?

Mimi nikikukumbuka naliona lile daftari lako la mchezo, limefungwa lastiki ya nywele za Nasra. Watu 10, elfu 20 kila Jumapili, wa zamu anaondoka na laki 2. Wengi wanadhani kijumbe kazi yake kukusanya tu, kumbe kazi iko kwenye kupanga namba. Yule dada mgeni alivyolia anataka namba 1, ada ya mtoto sijui nini, ukamsikiliza weee mpaka mwisho, ukamfuta machozi, ukampa namba 9. Namba za mbele ulimpa mwenye genge na fundi cherehani, watu ambao wakipokea kesho asubuhi unajua wako wapi. Mimi ningempa ile 1, na ingekula kwangu.

Halafu yule wa namba 3 (humtaji, na mimi simtaji) kala laki 2 zake, Jumapili mbili hajatoa, simu hapokei. Hukupigia kelele mtu. Ulichukua elfu 40 kwenye hela yako ya vitenge ukazibia, elfu 20 kila wiki, wa zamu wakapokea laki 2 kamili bila kujua kitu. Kisha ukaanza kwenda kwake saa 12 asubuhi, unakaa kibarazani, unaongea habari za mvua, unakunywa chai yake na mihogo yake. Siku ya tatu mwenyewe kaleta elfu 5. Siku 8 deni limeisha, na chai umekunywa! Hapo ndo nilikuvulia kilemba, nikasema huyu hata benki wangemuogopa.

Yaani ile sura yako ukiwa unalamba kidole unafunua daftari, miwani puani, mtu mzima anajikuta anatoa hela kabla hujamuuliza. Basi hiyo ndo nilitaka kukwambia jana, ukubwa mwema shoga, uzidi kututisha.

Zawadi iko kwenye mkoba, kitenge, ila usikiuze tafadhali, cha kuvaa hicho.

Sasa niambie, keki mlikata au uliigawa vipande ukahesabu kwanza? Nasra bado anakusahihisha hesabu mbele za watu? Mchezo mpya unaanza lini? Na mimi nikiingia, nikiwa huku Dodoma, mtu wa kutuma kwa simu, utanipa namba ngapi? Usiniambie 10.

Wako,
Mama Tariq