Barua ya wazi kwa mabinti wa kikoba chetu: Ukitumiwa "tunahitaji kuongea"

Mabinti zangu,

Salaam nyingi. Ninyi mnanijua kama shangazi anayeshika ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku letu, na wengi wenu mnanijua kwa ukali wangu wa kutoza faini za kuchelewa. Leo siandiki habari za hisa wala mikopo. Naandika kwa sababu siku hizi, kikao kikiisha, hakosekani mmoja anayebaki nyuma, ananisogezea simu na kuniuliza, "Shangazi, hebu soma hapa, huyu ana maana gani?" Nikisoma naona maneno yale yale: tunahitaji kuongea.

Jibu langu la kwanza huwa kwamba sijui, na wewe hujui, na hata yule mwenzako wa tatu uliyemtumia skrinishoti kabla ya kuja kwangu hajui. Ujumbe huo hausemi jambo, unasema tu kwamba jambo lipo. Kilichobaki unakijaza mwenyewe, na mtu akijaza usiku amelala peke yake hujaza mabaya.

Tena msidhani mnaweza kusikia sauti ya mtu kwenye maandishi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha majaribio waliyofanya kwa barua pepe. Watu walituma sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kweli, na wasomaji wakatakiwa kuzitofautisha. Waandishi waliamini wataeleweka vizuri. Katika jaribio moja wasomaji walipatia kidogo tu zaidi ya mtu anayerusha sarafu. Na hizo zilikuwa sentensi kamili, sembuse maneno mawili ya saa tano usiku.

Sasa niwasimulie kisa cha wenzenu wawili, ambao wameniruhusu bila majina. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine anauza vitenge. Ni mashoga wa miaka. Usiku mmoja fundi akapata ujumbe: "Shoga, tunahitaji kuongea." Hakuna emoji, hakuna "mambo vipi", hakuna picha ya kitambaa kipya. Alichofanya kabla ya kujibu ndicho ninachotaka mkijue.

Aliuangalia kwanza kama kuna hatari. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkiona kwenye ujumbe, au kwenye jumbe za siku za karibuni, maneno kama "nisamehe kwa yote", "nimechoka kuishi", "uniangalizie wanangu", au mtu ambaye mnajua anapigwa nyumbani anaandika kwa kukatakata, basi hakuna kujiandaa. Piga simu saa hiyo hiyo. Asipopokea, mtafute ndugu yake au jirani, nenda na mtu mwingine. Mengine yote ninayoandika humu ni ya pale ambapo hamna dalili hizo.

Fundi hakuziona. Akaiweka simu mbali, kwa sababu moja ambayo vijana mnaijua kuliko mimi: ukifungua ujumbe na kuanza kuandika, mwenzako anaona. Anaona tiki za bluu, anaona unaandika, unaacha, unaandika tena. Yeye naye yuko upande wa pili amekaa macho, amechukua pengine siku tatu kupata ujasiri wa kubonyeza tuma. Kila unapofuta anahesabu. Kama lazima upange maneno, yapange kwenye daftari.

Na ndicho alichochukua fundi, daftari la vipimo vya wateja. Katika ukurasa wa nyuma akajiuliza mambo matatu tu: kuna pesa gani kati yetu, nimesema nini juu yake, na ni wapi alinihitaji nami sikuonekana. Ugomvi wa mashoga ninaousuluhisha mimi hutoka katika hayo matatu karibu kila mara.

Kwenye pesa hakujibu kwa kichwa. Alikuwa amekopa shilingi 150,000 kwa shoga yake anunue mashine ya ovaloki, na kichwani mwake deni lilikuwa limekwisha. Akafungua jumbe za miamala. Akakuta ametuma 50,000, kisha 50,000 nyingine. Akakumbuka 30,000 alizompa mkononi sokoni, ambazo hazina ujumbe wala shahidi. Jumla 130,000. Zimebaki 20,000, na yeye kwa miezi alikuwa anatembea kifua mbele. Angejibu kwa haraka usiku ule, angeandika "kama ni ile hela nilishamaliza", na angekuwa ameandika uongo bila kujua.

Kwenye maneno aliandika mstari mmoja na kuupigia alama ya kuuliza: "Yule mteja wa sare?" Hakuwa na uhakika kama kuna kosa. Kwenye kutoonekana hakupata kitu. Msibani alikuwepo, kwenye arobaini ya mtoto alikuwepo.

Angalieni alivyotenganisha. Zile 20,000 anazijua, amezipigia hesabu. Ule mstari wa mteja anauhisi tu. Mengine yote yaliyomjia usiku ule, kwamba shoga kasikia umbea, kwamba anataka kukata urafiki, kwamba mume wake kasema kitu, hayakuandikwa popote kwa sababu hayakuwa na mguu wa kusimamia. Karatasi nzima ilikuwa na mistari minne. Ukiona yako imefika kurasa mbili, jua umeshaanza kuandika utetezi, na hapo chana.

Jibu alilituma saa moja asubuhi, kabla ya kufungua kibanda. Alinionyesha, nanakili: "Shoga, asubuhi njema. Nimeona ujumbe wako. Nakusikiliza. Leo nafunga saa kumi na moja, nije kwako, au kesho asubuhi tukae kibandani kabla ya wateja? Kama ni la haraka nipigie sasa."

Limebeba vitu vichache. Limemwambia mwenzake kwamba ameonekana, limempa muda na mahali pa kuchagua, na limeacha mlango wa dharura wazi. Halina "kwani nimefanya nini?" Halina "unanitisha". Halina samahani pia. Mnapenda sana kuomba radhi mapema, "kama nimekukosea nisamehe", ili jambo lifutike kabla halijasemwa. Mtu aliyekusanya nguvu ya kukuambia anabaki na mzigo wake mkononi, kwa sababu umeshaomba msamaha wa jambo usilolijua, na yeye akiendelea ataonekana mkorofi.

Kuna wanaosema, bora nimlazimishe aseme sasa hivi, siwezi kulala na kitendawili. Nawaelewa, lakini fikirini kwa nini aliandika kwa kufupisha. Ama jambo ni zito kwa vidole, ama anaogopa maandishi yake yatazungushwa kwenye makundi, na kwa tabia zenu za skrinishoti simlaumu. Ukimbana aandike, atayaandika makali kuliko alivyokusudia, na yatakaa kwenye simu yako milele ukiyasoma kila ukiwa na hasira. Kama huwezi kabisa kusubiri, uliza moja tu: "Ni la kati yetu, au ni shida yako unataka nikusaidie?" Swali hilo linajibika kwa neno moja. Mara nyingi, mabinti zangu, mtu ana ujauzito, amefukuzwa kazi, au anataka mkopo, na ninyi mmeshakesha mkijitetea.

Mchana ule fundi akafanya maandalizi mengine mawili. Akatoa 20,000 akaiweka kwenye pochi ndogo, peke yake. Na akajiandalia sentensi ya kuanzia, "Nimekuja kukusikiliza, anza wewe." Basi. Hakuandaa orodha ya mabaya ya mwenzake, ingawa aliniambia yalikuwa yanamjia yenyewe njiani, kuanzia doti aliyouziwa ikachuja rangi.

Walipokaa, jambo halikuwa deni. Yule mteja wa sare alimuuliza fundi kitenge kile ni bei gani Kariakoo, na fundi, kwa mazoea ya kucheka na wateja, akajibu kwamba kwa jumla ni elfu kumi na mbili tu. Mwenzake alimuuzia kwa elfu ishirini. Mteja akarudi dukani na kelele, akadai arudishiwe tofauti, mbele ya wanunuzi wengine. Nauli ya kwenda Kariakoo, kodi ya fremu na vitenge vinavyokaa mwaka bila kununuliwa, hayo mteja hayajui. Muuza vitenge alilia, si kwa elfu nane, bali kwa sababu siri ya biashara yake ilitolewa na mtu anayemwingiza mpaka stoo.

Na ile pochi? Hapa ndipo fundi aliponifurahisha. Hakuitoa mwanzo. Angeitoa mwanzo, mazungumzo yangegeuka kuwa ya deni, mwenzake angeona aibu kuendelea na jingine, na wangeachana wamelipana bila kusemezana. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri la mteja, wakakubaliana atajibu nini siku nyingine akiulizwa bei: "Muulize mwenye duka." Kisha ndipo akasema, "Nilipopiga hesabu nimeona bado 20,000 zako." Mwenzake hata hakuwa anakumbuka.

Yako mazungumzo ambayo sitaki muende. Kama anayekuita amewahi kukunyanyulia mkono, au anang'ang'ania mkutane usiku mahali pasipo watu, mwambie mtaongea mchana mbele ya mtu mzima, na akikataa, isikutie hofu ya kuitwa mwenye kiburi. Kama ujumbe umekuja na lugha isiyo yake, na kinachofuata ni "nitumie zile namba sita zilizokuingilia kwenye simu", huyo ni mwizi aliyeteka akaunti ya rafiki yako. Usijibu, mpigie rafiki kwa namba ya kawaida umsikie sauti.

Halafu kuna anayekutumia "tunahitaji kuongea", unajibu vizuri, naye ananyamaza. Mpe siku nzima. Kesho yake mtumie mara moja tena, "Bado nipo, siku ukiwa tayari niambie," na hapo uache. Usimfuate kwenye stetasi, usiwaulize wenzake, usinipelekee mimi simu nisome tena. Amepata moyo mara moja, akaogopa, atarudi kwa muda wake. Na lile daftari usilitupe, maana zile 20,000 unadaiwa hata kama hakuja.

Wenu,
Shangazi wa ufunguo wa pili