Jenereta ya hospitali inatosha kwenye karatasi, ila umeme ukikatika inazimika

Mteja akitupigia anataka jenereta ya hospitali, swali huwa ni moja tu, niweke kVA ngapi? Sisi tunamrudishia lingine kwanza, umeme ukikatika mizigo yako inaingia kwa mpangilio gani? Hapo kimya kinatanda.

Kuna ripoti tumeimaliza juzi, hospitali ambayo mzigo wake ukipanda kabisa unafika 150 kW. Walishafungiwa jenereta ya 200 kVA, na kwa pawa fakta ya 0.8 hiyo ni 160 kW, kwahiyo aliyeuza hakukosea hesabu. Shida ni kwamba kila wakijaribu kukata umeme wa gridi injini inawaka vizuri, swichi ya ATS inahamisha mzigo yenyewe toka gridi kwenda jenereta, halafu injini inakoroma, inatoa moshi mweusi, taa zinafifia na mashine inajizima. Fundi akaambiwa asafishe filta. Akasafisha, ikazima tena.

Filta haikuwa na kosa. ATS ilikuwa moja kwa hospitali nzima, ikibadilisha tu 150 kW zote zinatua kwa mkupuo mmoja kwenye injini ya tabo, na tabo inahitaji muda kidogo ikusanye moshi wa kuizungusha ndo isukume hewa ya kutosha, hewa ikiwa bado ndogo dizeli inamwagwa bila kuungua vizuri (ndo ule moshi mweusi) na spidi inaanguka. Juu ya hapo kuna kompresa ya AC ya thieta, mota ya 37 kW inayowashwa moja kwa moja. Ikitembea inakula kama 45 kVA, ila sekunde zile za kuanza inavuta karibu mara 6, yaani kama 270 kVA, kwenye jenereta ya 200! Kwa hesabu yetu hiyo mota peke yake inashusha volti karibu asilimia 17, na hapo bado hujaweka wodi wala maabara.

Wao walishaomba bei ya jenereta ya 400 kVA. Tukawaambia subirini, kubwa hivyo usiku mzigo ukiwa 40 kW itakuwa inafanya kazi chini ya asilimia 15 ya uwezo wake, na injini ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 haichemki vizuri, dizeli isiyoungua inaanza kuvuja nyeusi kwenye egzosi. Badala yake tuligawa mizigo mikupuo minne. Wa kwanza 45 kW, thieta, ICU, na taa za dharura, hii inapata umeme ndani ya sekunde 10 na betri za UPS zinashikilia hilo pengo. Baada ya sekunde 8 zinaingia wodi, maabara na friji za damu, 35 kW. Sekunde 10 mbele ndo kompresa, nayo tumeifungia kiwashio cha sta-delta ambacho kinakata mvuto wa kuanza hadi theluthi moja, kama 90 kVA hivi, volti inashuka asilimia 6 tu. Dobi na jiko, 33 kW zilizobaki, mtu anawasha kwa mkono akiona gridi haina dalili ya kurudi. Kuna kitu watu wanakisahau hapa, UPS nazo zikipata umeme zinaanza kuchaji betri, kwahiyo mkupuo wa kwanza uhesabu na chaji hiyo.

Kurudi kwenye gridi nako kuna mtego. ATS yao ilikuwa inarudi sekunde 5 tu baada ya umeme kutokea, na gridi ikiwa inakuja na kukatika wodi zinacheza disko. Tumeiweka isubiri dakika 15 za umeme uliotulia, halafu injini itembee tupu dakika 5 ipoe ndo izime.

Mafuta sasa. Walikuwa na tenki la lita 500, wameambiwa linatosha siku nzima. Tukaacha mita wiki moja, wastani wa mchana na usiku ukatoka 100 kW, na injini ya saizi hii inakunywa kama lita 0.27 kwa kila kWh, yaani lita 27 kwa saa. Bomba la kunyonya halifiki chini kabisa (na vizuri, maji na uchafu vinakaa huko) kwahiyo lita zinazotumika ni 450 tu, hizo ni saa 16 na ushee. Umeme ukikatika saa 12 jioni, saa 4 na dakika 40 asubuhi mashine inazima, na mara nyingi ndo kuna mgonjwa mezani. Kwa saa 48 wanahitaji lita 1,300 zinazotumika, tukaandika tenki la lita 1,500.

Jenereta ni ileile ya 200 kVA. Tulivyokata umeme mkupuo wa kompresa ukaingia, taa zikafifia kidogo tu, moshi ukatoka mara moja ukaisha. Yule fundi wa filta alikuwepo, akauliza kama filta mpya atazirudisha dukani.