Noti nyingi ndizo zilizopandisha bei, Kasai ni shahidi

Ndugu Mhariri,

Nimewasikia watu wazima hapa Lubumbashi wakisema kwamba serikali ingeweza kuwalipa walimu malimbikizo yao kwa kuchapa noti tu, na kwamba bei za wakati wa Zaire zilipandishwa na tamaa ya wafanyabiashara. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na shaba ya Gécamines, iliyoiletea serikali pesa za kigeni, ikashuka vibaya. Mwaka uliofuata uporaji ukafunga maduka na viwanda. Mapato ya serikali yakakauka huku askari na watumishi wakidai mishahara, na Benki ya Zaire ikaziba pengo kwa noti. Basi noti ziliongezeka wakati unga na sabuni vikipungua. Kila aliyelipwa alikimbilia sokoni siku hiyohiyo kabla pesa yake haijapungua nguvu, na mbio hizo zikazidi kupandisha bei, hata mwezi uliofuata serikali ikahitaji noti nyingi zaidi kulipa mshahara uleule.

Desemba 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5, ambayo Waziri Mkuu Tshisekedi aliikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Sisi tuliipokea zaire mpya. Watu wa Kasai walizikataa zote mbili, wakaendelea kutumia noti za zamani, ambazo hakuna aliyekuwa akiziongeza. Franka ilipoanza mwaka 1998, kwetu franka moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000, yaani zaire za zamani bilioni 300. Kasai franka hiyohiyo ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 14 tu. Zaire yao ilikuwa imehifadhi thamani zaidi ya mara 20,000 kuliko yetu! Almasi iliwasaidia, nakubali, lakini wafanyabiashara wao hawakuwa malaika kuliko wa kwetu.

Tuhesabu akiba ya mtu aliyekuwa na zaire bilioni 3 benki hapa mjini mwaka 1993. Alipewa zaire mpya 1,000, ambazo mwanzoni zilikuwa kama dola 300 na kidogo. Kama hakuzigusa, mwaka 1998 zilikuwa senti moja ya franka. Hakuna mwizi aliyeingia. Tarakimu za kitabu chake cha benki zilikuwa sahihi zote. Aliyekuwa amenunua mabati au saruji alibaki na kitu mkononi, na aliyekuwa amekopa alilipa deni kwa karatasi zisizonunua hata kiberiti, kwa hasara ya aliyemkopesha.

Walimu walipwe, tena haraka, lakini kutoka kodi ya shaba na kobalti inayopita Kasumbalesa kila siku. Wakilipwa kwa noti zilizochapwa bila kitu nyuma yake, watakaozigharamia ni wao wenyewe, pamoja na mama anayeweka franka zake za likelemba.

Msomaji wenu,
Lubumbashi